Kidole ndani ya daftari

Msichana aliyekaa mkabala nami alipandia Kigoma. Akanisalimu, "Shikamoo mama," nikaitikia, na kabla treni haijaondoka stesheni tulikuwa tumeshaanza kuongea. Au ndivyo nilivyojidanganya. Nilimuuliza anasoma wapi, anasomea nini, kwao ni wapi, bwenini wanakulaje. Kila swali alilijibu na tabasamu juu. Tumeshaipita Uvinza, tunaikaribia Nguruka, ndipo nikakiona kidole chake cha shahada. Kilikuwa ndani ya daftari, kimeshikilia ukurasa, na hakikuwa kimetoka humo tangu tunaanza safari. Kesho yake alikuwa na mtihani Tabora.

Aibu yenyewe ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Nafundisha isimu, na sehemu kubwa ya kazi ni kuchambua maongezi ya kawaida: narekodi kwa idhini, nanukuu neno kwa neno, napima hata ukimya ulio kati ya msemaji mmoja na mwingine. Nilikuwa nimekaa kwa masaa na kila dalili mbele yangu kwamba jirani hataki kuongea, na sikuiona hata moja.

Ukweli ni kwamba kwetu mwanzo wa maongezi haukuambii kitu. Shikamoo ina marahaba yake. "Habari za safari?" ina "nzuri" yake, hata kama mtu kafiwa. Ukifungua kitambaa chako cha viazi ukasema karibu, jirani atasema asante, nimeshiba, hata kama hajala tangu asubuhi. Hayo ni madeni na kila mtu anayalipa. Asiyejibu salamu ameshakutukana, kwa hiyo aliyejibu bado hajakwambia kama anataka kuongea nawe. Na mdogo mbele ya mkubwa ana deni zaidi, maana hawezi kumkatisha. Yule binti angesemaje? "Mama, naomba nisome" ni sentensi fupi, lakini kwa umri wake ilikuwa nzito kuliko mabegi yote pale juu. Kwa hiyo kazi ya kusoma dalili inamwangukia mkubwa.

Mimi huanza kuhesabu baada ya salamu kwisha. Namuuliza jirani swali moja dogo la safari, kisha nasikiliza anachoongeza ambacho sikukiomba. Safari iliyofuata nilikaa na mwanaume wa rika langu, mwenye ndoo ya mawese iliyofungwa nailoni mdomoni. Nikamuuliza, "Unafika Tabora?" Akajibu, "Naishia Kaliua, halafu nichukue ya Mpanda. Kuna mjukuu kazaliwa huko." Kaliua ingetosha. Njia ya Mpanda inachepukia pale, kwa hiyo hata habari ya kubadilisha treni ningeweza kuibashiri. Lakini mjukuu sikumuuliza. Huyo alimtoa mwenyewe, akaniwekea mezani.

Binti wa daftari, nikikumbuka vizuri, alijibu kila swali kwa ukubwa wake uleule. Unasoma wapi? Jina la chuo. Mwaka wa ngapi? Wa pili. Hakuna kilichozidi.

Watu wengi hutegemea kipimo kingine: kama jirani anakurudishia swali, basi anataka. Mimi nakiamini nusu tu, kwa sababu "na wewe je?" nayo ni deni. Binti aliniuliza, "Na wewe mama, unaenda wapi?" nikafurahi kama mtoto. Swali linalohesabika ni lile linalookota kitu ndani ya jibu lako. Nilipomwambia yule bwana wa mawese kwamba nilikuwa Kigoma kwa kazi ya kurekodi watu wakiongea, hakusema "aa, vizuri." Aliuliza, "Sasa wakijua wanarekodiwa si wanaanza kuongea kama redio?" Swali hilo huwezi kuliuliza kama hukusikiliza, na hakuna adabu inayokulazimisha uliulize. (Ni swali zuri pia. Ndiyo, huanza kama redio, halafu baada ya dakika kadhaa wanasahau.)

Kuna na suala la muda. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima majibu ya maswali ya ndiyo na hapana katika lugha 10, wakakuta kwa wastani jibu huja baada ya kama sehemu ya tano ya sekunde, na kwamba "ndiyo" huwahi kuliko "hapana". Kiswahili hakikuwamo, ya Afrika ilikuwa moja tu, ya Namibia. Hata hivyo sikio lako linaijua tofauti hiyo: jibu linalosuasua, linaloanza na "mmh", mara nyingi limebeba kusita.

Ila ndani ya treni kipimo hicho kinaharibika. Magurudumu yanagonga maungio ya reli, dirisha liko wazi, mtoto wa benchi la nyuma analia. Jirani akikaa kimya huenda hakusikia. Akisema "Ee?", rudia mara moja kwa sauti zaidi, na hesabu muda kuanzia hapo. Mwili nao haufai sana kama ushahidi. Daraja la tatu limejaa, magoti yanagusana, hakuna mwenye nafasi ya kukugeukia au kukupa mgongo. Kutazama dirishani pia si kukukataa, kwani mbuga ya Malagarasi kila mtu anaitazama. Ninachotazama ni mikono. Mwenye hedifoni akitoa kimoja sikioni na kukishika kati ya vidole viwili, anasubiri umalize akirudishe. Akikilaza mapajani, ana muda. Kidole ndani ya daftari ni ndugu wa vile vidole viwili.

Ukikosea, nyamaza na uache mlango wazi. Treni ndefu ina huruma hiyo: ikisimama stesheni, wauzaji wakija dirishani na ndizi na mayai ya kuchemsha, asiyetaka kuongea mwanzo anaweza kukuanza mwenyewe, "Hivi hapa ni wapi?" Basi halitoi nafasi nyingi namna hiyo.

Mwisho wa maongezi ndio unaotushinda zaidi. Utafiti wa Adam Mastroianni na wenzake, wa mwaka 2021, uliwauliza watu kama mazungumzo yao yaliisha pale walipotaka. Karibu hakuna yaliyoishia pale wote wawili walipotaka, kwa kuwa kila mmoja alimficha mwenzake alichotaka. Sisi tunaficha pia, lakini tuna maneno ya kupunguzia mwendo. "Ndiyo hivyo." "Ee, ndo maisha." "Haya." Yakija peke yake, bila habari mpya nyuma yake, mwenzako anafunga breki. Likija la pili lifuatane na kimya, anayeongeza hadithi hapo anaongea peke yake.

Bwana wa mawese alifika hapo tulipoipita Usinge. Nilikuwa nimemweleza habari ya kaka yangu na mizinga yake ya nyuki, akasema, "Aisee. Ndo maisha." Nikasubiri. "Haya," akasema tena, akitazama ndoo. Nilikuwa na hadithi nyingine ya nyuki, nzuri kuliko ya kwanza, nikaimeza. Akavuta kofia machoni. Kaliua ilipofika aligusa benchi langu. "Mwalimu, nishikie hii ndoo kidogo nishuke."