Je, wajua namba isiyomo kwenye orodha hupatikana bila kuitafuta?

*"Nina orodha ya namba kuanzia 0 hadi n. Hakuna inayojirudia, ila moja haimo. Naijuaje bila kuipanga orodha upya? Na mbona wengine hujumlisha, wengine hutumia XOR?"*

Hesabu jumla ambayo ingekuwepo kama hakuna iliyokosekana, kisha toa jumla ya zilizomo. Kitakachobaki ndiyo namba yenyewe. XOR hufanya kazi hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba haina mahali pa kufurika, na hapo ndipo kujumlisha kumewaponza wengi.

Tuchukue orodha hii: 3, 0, 1, 5, 4. Zimo namba tano, kwa hiyo n ni 5. Kama zingetimia, zingekuwa sita, toka 0 hadi 5. Zioanishe kutoka pande mbili: 0 na 5, 1 na 4, 2 na 3. Kila jozi inatoa 5, jozi ziko tatu, jumla ni 15. Hiyo ndiyo kanuni ya n(n+1)/2. Zilizomo zinajumlika kuwa 13. Ukitoa 13 kwenye 15 unabaki na 2, na kweli 2 haimo.

Angalia nilivyoipata n: nimehesabu namba ziko ngapi, sikuchukua iliyo kubwa kuliko zote. Anayechukua iliyo kubwa atapata jibu sahihi siku nyingi, mpaka siku ambayo iliyokosekana ni n yenyewe. Kwenye 0, 1, 2 kubwa ni 2, lakini namba ni tatu, kwa hiyo n ni 3, na 3 ndiyo haimo.

Kwenye Java, watu wengi huiandika hivi:

```java
int jibu = n * (n + 1) / 2;
for (int x : a) jibu -= x;
```

Mistari miwili tu, na inasomeka vizuri. Mimi nimeiandika hivyo miaka kadhaa bila wasiwasi, hadi siku moja orodha ya namba 50,000 iliyokosa 7 iliponipa jibu la -2147483641. Nikaijaribu kwa orodha ya namba 100,000, nikidhani orodha kubwa zaidi itaharibika zaidi. Ikanipa 7, sahihi kabisa. Nilipoteza mchana mzima nikikagua faili la data, kumbe data haikuwa na kasoro yoyote.

Maelezo utakayoyasikia mara nyingi ni kwamba "jumla ilikuwa kubwa mno, haikuenea kwenye `int`". Hayo ni nusu ya ukweli. Jumla ya 0 hadi 50,000 ni 1,250,025,000, na `int` inabeba hadi 2,147,483,647. Inaenea bila shida. Kisichoenea ni zao lililopatikana njiani, kabla ya kugawanya kwa 2: 50,000 mara 50,001 ni 2,500,050,000. Zao hilo linaanza kuvuka mpaka n ikifika 46,341, wakati jumla yenyewe haivuki mpaka n ifike 65,536.

Sasa fikiria uso wa saa ya ukutani. Mshale ukizunguka saa 12 unarudi ulipokuwa, na kwa anayeutazama ni kama haujasogea. `int` ya Java ni saa ya namna hiyo, ila mzunguko wake mmoja ni 4,294,967,296. Ukijumlisha ukapitiliza, unazunguka. Ukitoa, unarudi nyuma kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo kujumlisha na kutoa peke yake hakuharibu jibu la mwisho hata kukiwa na mizunguko mia katikati, maana jibu lenyewe ni dogo na lipo ndani ya uso wa saa.

Kugawanya ndiko kunakoharibu. Zao la 50,000 limepoteza mzunguko mmoja. Ukigawanya kwa 2, upungufu unakuwa nusu mzunguko, yaani 2,147,483,648, na nusu mzunguko unaupeleka mshale upande wa pili kabisa wa uso. Ndiyo maana 7 yangu ikageuka 7 kutoa 2,147,483,648. Zao la 100,000, yaani 10,000,100,000, lilipoteza mizunguko miwili. Nusu yake ni mzunguko mmoja mzima, na mzunguko mzima hauonekani. Jibu likatoka safi.

Yaani kasoro hii huja na kuondoka kadiri n inavyokua: mizunguko iliyopotea ikiwa witiri jibu linaharibika, ikiwa shufwa linatoka sawa. Anayepima programu yake kwa orodha moja kubwa anaweza kuangukia upande mzuri akaondoka ameridhika. Ukiona jibu hasi lililo jirani na -2147483648, usihangaike na data. Ongeza 2147483648 kwenye jibu hilo, utaiona namba yako.

Dawa zipo. Unaweza kutumia `long`. Unaweza pia kugawanya kwanza, kwa kuwa kati ya n na n+1 lazima mmoja agawanyike kwa 2. Ninayoipenda ni kuachana na kanuni ya kuzidisha na kutoa papo hapo ndani ya kitanzi:

```java
int jibu = n;
for (int i = 0; i < n; i++) jibu += i - a[i];
```

Hapa `i` inapita 0 hadi n-1, na n tumeianza nayo, kwa hiyo zote zilizopaswa kuwemo zimejumlishwa. Hakuna kugawanya, hivyo hata saa ikizunguka jibu linarudi mahali pake. Tahadhari moja kwa wanaoandika C: huko kufurika kwa `int` yenye alama hakuna tabia iliyoahidiwa na lugha, kwa hiyo tumia `unsigned`. Python haina shida hii kabisa, namba zake nzima hukua kadiri zinavyohitaji.

Na XOR? Badilisha alama tu:

```java
int jibu = n;
for (int i = 0; i < n; i++) jibu ^= i ^ a[i];
```

Ili kuielewa, sahau kujumlisha, fikiria swichi za taa. Kila namba ndani ya kompyuta ni safu ya biti, na kila biti ni swichi yake. Biti ikiwa 1, swichi inabonyezwa. Ikiwa 0, inaachwa. Taa iliyobonyezwa mara mbili imerudi ilivyokuwa. Hakuna kubeba moja kwenda safu ya jirani kama tunavyofanya kwenye kujumlisha, kila safu inajitegemea, na ndiyo sababu hakuna kitu kinachokua hadi kufurika.

Turudi kwenye 3, 0, 1, 5, 4. Kwa biti tatu ni 011, 000, 001, 101, 100. Tunabonyeza kwa namba zote za 0 hadi 5, kisha kwa zilizomo. Safu ya mwisho kulia, ile ya moja: kwenye orodha kamili inabonyezwa na 1, 3 na 5, mara tatu, kwenye orodha yetu inabonyezwa na hao hao, mara tatu. Jumla sita, taa imezimwa. Safu ya kushoto, yenye thamani ya 4: 4 na 5 kwenye kamili, 4 na 5 kwenye yetu, jumla nne, imezimwa. Safu ya kati, ya mbili: kwenye kamili inabonyezwa na 2 na 3, kwenye yetu na 3 peke yake. Mara tatu. Taa imebaki ikiwaka. Tunasoma 010, ambayo ni 2.

Kila namba iliyomo imebonyeza swichi zake mara mbili, ikajifuta. Iliyokosekana imebonyeza mara moja tu, kwa upande wa orodha kamili, na alama yake ndiyo iliyobaki.

Kwa kasi, usitegemee tofauti ya maana. Njia zote mbili zinapita orodha mara moja na zinahitaji kigeu kimoja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile sharti la "hakuna inayojirudia". Likivunjika, njia hizi hazilalamiki, zinakupa namba tu. Tazama 3, 0, 1, 5, 5, ambapo 5 imeingia mara mbili, huku 2 na 4 zikikosekana. Kujumlisha kunatoa 15 kutoa 14, yaani 1. XOR inatoa 3. Zote mbili zimo kwenye orodha! Hapo angalau majibu yamepingana, ukashtuka. Lakini jaribu 0, 2, 3, 5, 5: kujumlisha kunatoa 0, XOR nayo inatoa 0, na 0 imekaa hapo mwanzoni kabisa inakutazama. Kukubaliana kwa njia mbili si ushahidi.

Ukaguzi wa bei rahisi ni kulitafuta jibu ndani ya orodha. Iwapo kosa ni namba moja tu iliyoingia mara mbili, ukaguzi huu haukosei. Kwenye kujumlisha, kwa mfano, unachopata ni jumla ya mbili zisizomo ukitoa iliyojirudia. Ili kipatane na mojawapo ya zisizomo, ile nyingine ingepaswa kuwa sawa na iliyojirudia, na haiwezekani namba iwe haimo na huku imo mara mbili. Kwa hiyo jibu bovu ama limo kwenye orodha, ama liko nje ya 0 hadi n. XOR ni vivyo hivyo.

Zikijirudia mbili, kinga hiyo inapasuka. Kwenye 2, 2, 3, 3, 5 hazimo 0, 1 na 4. Kujumlisha kunasema 0, na 0 kweli haimo, kwa kuwa 1 na 4 zina jumla moja na 2 na 3. Data inayotoka mahali usipopaamini iwekee jedwali la biti n+1, uweke alama kwa kila namba unayoiona. Kwa n ya milioni moja ni kama baiti 125,000 tu, na ukikuta biti tayari ina alama, umeshamkamata anayejirudia.