Mkono wa msusi haukuzi nywele

Nasuka majumbani, mara nyingi sebuleni kwa mteja huku Temeke na Mbagala, watoto wakicheza pembeni. Mara nyingi kabla hata sijatoa chanuo naulizwa: "Dada, una mkono wa nywele wewe?" Maana yake, nikimsuka zitakua au zitakatika?

Dhana: Kuna wasusi wenye mkono unaokuza nywele.

Nywele huota kutoka kwenye mzizi ulio ndani ya ngozi, wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, asuke nani asisuke nani. Zikiwa zimesukwa hazipitiwi chanuo kila asubuhi, kwa hiyo ukifumua unakuta urefu ambao kwa kawaida ungekatikia kwenye kitana. Mkono mwepesi hauongezi kitu, unaacha tu kilichoota kibaki. Mkono mzito ndio wenye nguvu kweli, na nguvu yake ni ya kuharibu.

Dhana: Msuko usiouma haudumu.

Hii ndiyo inayowaharibia watu nywele za mbele. Msuko hudumu kwa sababu fungu la nywele ni sawa, rasta imeshikwa vizuri penye shina na mkono haukulegea njiani. Kuivuta ngozi hakuongezi hata siku moja. Mzizi unaovutwa mchana na usiku huchoka, nywele huanza kuwa nyembamba, kisha hutoka. Ukiacha kuuvuta mapema, nywele hurudi baada ya miezi. Ukiendelea miaka, ngozi hufanya kovu na pale hapaoti tena.

Nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mteja mmoja alitaka rasta nyembamba zinazofika kiunoni, na nywele zake zilikuwa na dawa, laini na dhaifu. Nikamkazia hadi kwenye malaika za usoni ili aonekane nadhifu. Siku ya pili akanipigia: hawezi kulalia ubavu, anameza panado, na pembeni mwa paji la uso pameota vipele vyenye vichwa vyeupe. Nilirudi kwake na kufumua safu mbili za mbele kuzunguka uso. Maumivu yalipungua jioni ileile. Panado ingetuliza maumivu tu, mzizi ungebaki unavutwa.

Vipele vilipokauka nilizisuka upya zile za mbele, bila malipo. Mafungu yakawa makubwa kidogo, rasta fupi na chache, malaika nikaziacha nje. Safari hii sikufunga fundo la rasta penye ngozi: nilianza na nywele zake mwenyewe, nikaongeza rasta kidogo kidogo nikishuka. Hivyo uzito hauangukii wote kwenye mzizi.

Sasa, nikimaliza safu ya mbele, namwomba mteja ainue nyusi na ainamishe kichwa. Ngozi ikijikunja bila shida, naendelea. Nikiona vilima vidogo penye mashina, au macho yamevutwa kuelekea masikioni, nafumua hapohapo, hata kama mwenyewe anasema "acha tu, kesho itazoea". Kwa mtoto sisubiri aseme, maana wengi hunyamaza wakimwogopa mama.

Dhana: Kuchoma ncha kwa kibiriti ni sawa na maji ya moto.

Rasta nyingi ni plastiki. Moto huziyeyusha zikawa na ncha ngumu zinazokwaruza shingo, na zinaweza kushika moto zikiwa mgongoni mwa mtu. Tumia maji ya moto, kwenye jagi lililokaa imara, taulo likiwa mabegani, na watoto watoke kwanza chumbani.

Dhana: Nywele zinazotoka wakati wa kufumua zimekatwa na msuko.

Mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kila siku, na kwa kawaida huzioni kwa sababu zinaondoka na chanuo. Kwenye msuko hazina pa kwenda. Wiki 6 ni siku 42, kwa hiyo nywele 2,100 hadi 4,200 zinakusubiri humo ndani. Donge hilo humtisha mtu, lakini ni la kawaida.

Tofauti utaiona ukizitandaza kwenye kitambaa cheupe. Zilizodondoka zenyewe ni ndefu, na mwisho mmoja una kidoti cheupe. Zilizokatika ni vipande vifupi visivyo na kidoti. Vipande vikiwa vingi, au ukiona nafasi tupu juu ya masikio, hapo kweli kuna tatizo.

Nywele nyingi nzuri hukatika kwenye kufumua kwenyewe. Penye shina la kila msuko hujikusanya pete ya uchafu, mafuta na nywele zilizodondoka. Ukimwaga maji kabla ya kuiondoa, inashikamana na utaishia kutafuta mkasi. Paka mafuta au kondishena pale penye pete, iachanishe kwa vidole, kisha pitisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda juu. Maji na shampuu vije baada ya hapo.