Kwa nini fedha ya Ijumaa jioni humfikia mpokeaji Jumatatu

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, Tanga, ameagiza mabati ya shilingi milioni 18 kwa muuzaji wa jumla Kariakoo. Ijumaa saa 12:40 jioni anafungua programu ya benki yake kwenye simu, anachagua TISS, njia ya kutuma fedha kwenda benki nyingine, na kutuma. Fedha inakatwa papo hapo na ujumbe unasema muamala umefanikiwa. Lakini muuzaji, ambaye akaunti yake iko benki nyingine, haoni kitu. Jumamosi asubuhi lori halipakiwi, na simu zinaanza kuwa kali.

Hapo hakuna mwongo kati yao wawili. Ule ujumbe una maana kwamba benki ya Tanga imepokea agizo na imeshikilia fedha. Haumaanishi kwamba benki ya muuzaji imelipwa.

Benki mbili hazipelekeani fedha moja kwa moja. Kila moja ina akaunti yake Benki Kuu ya Tanzania, na TISS ndio mfumo wa Benki Kuu unaohamisha fedha kati ya akaunti hizo, agizo moja baada ya jingine. Benki ya Tanga inapeleka agizo, Benki Kuu inapunguza milioni 18 kwenye akaunti ya benki hiyo na kuziongeza kwenye akaunti ya benki ya muuzaji. Hatua hiyo ikishakamilika, benki ya muuzaji inapata taarifa na kumwingizia mteja wake. Kabla ya hapo, ikimwingizia itakuwa inamkopesha kwa fedha yake yenyewe, na benki haifanyi hivyo kwa sababu tu mteja ana picha ya ujumbe kwenye simu.

Sasa, safari hiyo ina saa zake. Kila benki ina saa ya mwisho ya kupokea maagizo ya TISS ya siku hiyo, nayo huwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu maafisa wanahitaji muda wa kukagua na kuidhinisha kabla mfumo haujafungwa. Programu ya simu yenyewe haifungwi. Inapokea agizo hata usiku wa manane, kisha agizo linakaa kwenye foleni hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa aliyetuma Ijumaa saa 12:40 jioni, siku hiyo ni Jumatatu. Kuona tawi liko wazi Jumamosi kusikupe matumaini: kupokea na kutoa fedha dirishani ni kazi nyingine, haisukumi foleni hiyo.

Sikukuu huongeza siku. Ukituma Alhamisi jioni kabla ya Ijumaa Kuu, foleni itavuka Jumatatu ya Pasaka na mpokeaji ataona fedha Jumanne.

Wengi huuliza mbona fedha za simu hufika hata Jumapili. Ni kwa sababu zinapita njia nyingine. Benki Kuu ina mfumo mwingine, TIPS, uliojengwa kwa malipo ya papo kwa papo, saa 24 kila siku, kati ya benki na kampuni za fedha za simu. Lakini kila mtoa huduma ana kikomo cha kiasi kwa muamala, na malipo makubwa kama haya ya mabati kwa kawaida huelekezwa TISS. Kama wote wawili wangekuwa na akaunti benki moja, Benki Kuu isingehusika kabisa: benki ingepunguza huku na kuongeza kule ndani ya vitabu vyake, na muuzaji angeona fedha Ijumaa ileile.

Kosa linaloumiza zaidi ni kutuma mara ya pili Jumamosi kwa wasiwasi. Jumatatu maagizo yote mawili yanatoka, milioni 36 zinaondoka, na kurudishiwa nusu yake kunategemea ridhaa ya mpokeaji.

Kinachofaa ni kutunza namba ya kumbukumbu ya muamala na kuangalia hali yake kwenye programu. Ikiwa inasubiri, agizo bado liko kwa benki yako. Ikifika Jumatatu mchana muuzaji hajapata, iombe benki yako ithibitishe kama agizo limeshapita TISS. Likiwa limepita, muuzaji apeleke namba hiyo kwenye benki yake, ndiko fedha iliko. Sababu ya kawaida ya kukwama hapo ni namba ya akaunti iliyokosewa au jina lisilolingana nayo. Katika hali hiyo benki inayopokea huirudisha fedha kwa njia ileile iliyoijia, kwa hiyo mabati yanaweza kusubiri siku moja au mbili zaidi.