Usugu wa dawa katika homa ya matumbo: siku ya tano na homa bado ipo

"Daktari, mwanangu keshamaliza dawa, homa bado." Kwenye vituo vya afya vya Pemba, maneno haya hufuatwa na neno moja ambalo kila mtu siku hizi analijua: usugu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Neno lenyewe lina maana mahsusi. Anayekuwa sugu si mgonjwa, wala si mwili wake "uliozoea vidonge". Ni bakteria aliyebadilika hata dawa haimuui tena kwa kipimo cha kawaida.

Tumchukue kijana wa miaka 20, mchumaji wa karafuu upande wa Wete. Ana homa siku ya tisa, inapanda zaidi jioni, kichwa kinamgonga, hana hamu ya kula, choo hakipatikani. Kipimo cha malaria hakikuonesha kitu. Duka la dawa likampa siprofloksasini ya miligramu 500, vidonge kumi, kimoja asubuhi kimoja jioni. Siku ya tano vidonge vimekwisha, na joto bado 39.

Cha kwanza cha kujua ni kwamba homa ya matumbo haishuki kesho yake kama malaria iliyotibiwa vizuri. Hata dawa ikifanya kazi barabara, homa huchukua siku tatu hadi tano kutulia, na kwa azithromaisini inaweza kukaribia wiki. Sababu ni kwamba bakteria hawa hujificha ndani ya seli za mwili, zile zile zilizotumwa kuwala. Kwa hiyo homa ya siku ya tatu si ushahidi wa usugu, na kubadilisha dawa siku hiyo ni haraka isiyo na faida, mradi mgonjwa hana dalili za hatari. Kinachotazamwa ni mwelekeo: je, kilele cha jioni kinapungua? Ameanza kuomba uji?

Cha pili: dawa ilimfikia? Kijana wetu alikuwa akimeza sipro na glasi ya maziwa, na kwa kuwa tumbo lilimchoma alitafuna juu yake vidonge vyeupe vya kutuliza asidi. Kalsiamu ya maziwa na magnesiamu ya vile vidonge huishika sipro tumboni, na sehemu kubwa hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya madini ya chuma na zinki hufanya hivyo hivyo. Sipro humezwa kwa maji, na dawa za asidi au madini hungoja: sipro itangulie kwa saa mbili, au ije saa sita baadaye. Ukiacha hilo, vidonge kumi ni siku tano tu, wakati matibabu ni siku saba hadi kumi.

Baada ya hayo ndipo tuuzungumze usugu. Zamani homa hii ilitibiwa kwa kloramfenikoli, ampisilini na septrini. Afrika Mashariki ukaenea ukoo wa bakteria usiojali dawa zote tatu, na sipro ikashika nafasi. Sipro hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kukunjua vinasaba vyake ili azaliane. Badiliko dogo sehemu moja ya kimeng'enya hicho linatosha kufanya dawa isishike sawasawa. Bakteria bado hufa, ila anahitaji dawa nyingi zaidi, na homa huburuta wiki nzima au hairudi chini kabisa. Huu ni usugu wa nusu njia, na ndio unaotatanisha, kwa sababu mgonjwa hupata nafuu ya kudanganya. Mabadiliko yakirundikana, sipro haifui dafu tena.

Ndiyo maana panapojulikana kuwa usugu wa sipro ni mwingi, azithromaisini, ile ambayo wengi huiita azuma, hutangulizwa. Inajikusanya ndani ya seli, pale pale bakteria alipojificha. Kwa mtu mzima ambaye hali yake si mbaya ni gramu moja siku ya kwanza, kisha miligramu 500 mara moja kwa siku, jumla siku saba. Yaani vidonge vinane. Hapa pana mtego ninaouona kila mara: pakiti ya azuma huwa na vidonge vitatu, vilivyopangwa kwa maradhi mengine. Mtu humeza vitatu, homa ikaregea kidogo, akahesabu amemaliza. Kwa mtoto mtego ni mkubwa zaidi. Kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anahitaji 300, ambazo kwenye dawa ya maji ya miligramu 200 kwa mililita tano ni mililita saba na nusu. Kichupa cha mililita 15 kinamtosha siku mbili tu. Kwa siku saba ni vichupa vinne. Mama asipoambiwa mapema, ataamini kichupa kimoja ndiyo dozi.

Nayo azithromaisini haijasalimika. Bakteria wanaoishinda wamekwisha kuonekana Bangladeshi na kwengineko Asia. Njia ya kuujua usugu kwa yakini ni kuotesha damu: damu huchukuliwa kabla ya dawa, huwekwa kwenye chupa ya chakula cha bakteria, na aliyeota hujaribiwa kwa dawa moja moja. Kwa njia hiyo utafiti uliofanywa hospitali za Pemba mwaka 2009 na 2010 ulikuta kuwa kati ya bakteria waliopatikana kwenye damu za wagonjwa, zaidi ya nusu walikuwa wa homa hii. Kipimo cha Widal, kile kinachotoa jibu la "una taifodi kidogo", hakiwezi kukwambia habari ya usugu hata chembe. Kinatafuta kinga za mwili, ambazo hubaki muda mrefu hata baada ya kupona.

Kijana wetu alitolewa damu, akaanzishwa azithromaisini, na homa ikakatika siku ya tano ya dawa mpya. Lakini alikuwa anaingia wiki ya tatu ya ugonjwa, na hiyo ndiyo wiki ya kulindwa. Vidonda vilivyomo mwisho wa utumbo mwembamba vinaweza kutoboka au kuvuja damu. Utumbo ukitoboka, homa huweza kushuka ghafla, na nyumba nzima ikafurahi. Shika mkono wake: mapigo yanakwenda mbio, ngozi ina jasho baridi. Tumbo linauma vibaya, limekuwa gumu kama ubao, hataki liguswe, na kukohoa tu kunamkunja. Anatapika, hata upepo hautoki. Huyo anahitaji hospitali yenye upasuaji saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na asipewe haluli wala chakula njiani. Choo cheusi kama lami nacho ni damu, isipokuwa kama anameza vidonge vya madini ya chuma. Akili ikipotea, akawa ananong'ona peke yake na kudonoa donoa shuka, hapo vidonge havitoshi tena. Atahitaji seftriaksoni ya mshipa na kulazwa.

Na homa ikirudi wiki mbili au tatu baada ya kumaliza dawa zote, watu husema tena usugu. Mara nyingi siyo. Ni bakteria wale wale waliobaki mafichoni, na dawa iliyowaua mwanzo kwa kawaida bado inawaua. Damu ioteshwe upya, na dozi ianze moja.