Ombi la shilingi 3,000 na mwajiriwa wa shilingi 450,000: dhana potofu kuhusu matangazo ya kazi

Tuchukue mfano wa kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, ambayo inataka kuajiri maafisa ugani 12 wenye stashahada ya kilimo na leseni ya pikipiki, ili wakae vijijini na kuwafundisha wakulima kupogoa miti na kuvuna kwa wakati. Takwimu zake nimezitunga mimi ili hesabu iwe nyepesi kufuatwa, lakini mwenendo wake atautambua yeyote aliyewahi kuketi na rundo la barua za maombi ya kazi. Kampuni inatumia shilingi 900,000 kutangaza Facebook na shilingi 1,500,000 kutangaza katika redio za mkoani. Facebook inaleta maombi 300 yaliyokamilika, na redio inaleta 100.

Dhana: Tangazo lililoleta maombi kwa bei ndogo ndilo tangazo bora.

Ukigawa fedha kwa idadi ya maombi, ombi moja la Facebook limegharimu shilingi 3,000 na la redio shilingi 15,000. Wengi huishia hapo, na meneja akiona tofauti ya mara tano huamuru fedha zote zihamie Facebook. Ukweli ni kwamba gharama kwa ombi hupima jinsi tangazo linavyovuta watu, bila kusema lolote kuhusu watu hao ni akina nani. Wakati wa kuchuja, katika yale maombi 300 ni 30 tu yenye sifa zilizotajwa, ilhali katika yale 100 ya redio wenye sifa ni 40. Kwa hiyo mwombaji mwenye sifa amegharimu shilingi 30,000 kupitia Facebook na shilingi 37,500 kupitia redio, na ile tofauti kubwa imebaki ndogo sana.

Hata hesabu hiyo imeacha gharama ambayo haimo kwenye risiti ya tangazo. Ikiwa ofisa anatumia dakika 10 kusoma kila ombi, maombi 300 yanakula saa 50, yaani zaidi ya wiki nzima ya kazi, na maombi 100 yanakula saa 17 hivi. Mshahara wa saa hizo ni sehemu ya gharama ya tangazo, ingawa sijaona wengi wanaouingiza.

Dhana: Aliyeanza fomu bila kuimaliza hakuwa na nia ya dhati.

Kwanza, lazima ijulikane kinachohesabiwa. Ripoti ya tangazo inaweza kuonyesha "matokeo" ambayo kwa kweli ni watu waliobofya kiungo, au waliofungua fomu, na si waliotuma maombi. Katika mfano wetu watu 600 walianza fomu na 300 wakaimaliza. Anayegawa kwa 600 atajivunia gharama ya shilingi 1,500, na hakuna mwenye uongo ila tafsiri ya neno moja.

Pili, mahali watu walipoachia fomu ndipo panapoeleza sababu. Kati ya 300 walioacha, tuseme 40 waliacha ukurasa wa kwanza, baada ya kusoma kwamba kazi inataka leseni ya pikipiki. Hao hawana tatizo: fomu imewachuja, na imeokoa muda wa kila upande. Lakini 200 waliacha ukurasa unaodai vyeti vilivyoskaniwa kwa muundo wa PDF. Kijana aliyemaliza chuo Uyole na sasa yuko kwao Busokelo, akiwa na simu tu na mtandao unaokatika mvua inaponyesha, hawezi kuskani cheti bila kupanda gari kwenda stesheneri ya Tukuyu mjini. Nia anayo, asichokuwa nacho ni skana. Dawa ni kukubali picha iliyopigwa kwa simu, au kuacha kabisa kudai vyeti hadi siku ya usaili.

Dawa hiyo nayo ina gharama zake. Fomu ikirahisishwa, maombi huongezeka na gharama kwa ombi hushuka, ila sehemu ya wasio na sifa inaweza kupanda pia. Ndiyo maana ni vyema kuondoa kikwazo kisichohusiana na kazi, kama skana, na kuacha swali linalohusiana nayo, kama leseni, likiwa la kwanza kabisa.

Dhana: Mwombaji amehesabiwa Facebook, basi Facebook ndiyo iliyomleta.

Kwa mpangilio wa kawaida, mfumo wa matangazo wa Facebook hujihesabia ombi la mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, na hata la yule aliyeliona tu bila kulibofya ndani ya siku 1. Mtu aliyesikia tangazo redioni alfajiri akiwa shambani, kisha jioni akakutana nalo kwenye simu, huandikwa upande wa Facebook peke yake. Redio haina cha kubofya, kwa hiyo njia ya kawaida ni kuliwekea tangazo la redio namba yake ya simu au kiungo chake kifupi, na kumwuliza kila mwombaji ndani ya fomu alisikia wapi kwanza. Majibu hayo yana makosa ya kumbukumbu, ila yanasaidia kuona kama hesabu ya mfumo imepotoka sana.

Dhana: Ubora wa walioajiriwa hauwezi kupimwa.

Unapimika, mradi kipimo kichaguliwe kabla ya kuajiri. Kwa maafisa ugani wetu, kiwe hiki: baada ya miezi 6 mtu bado yupo kazini, na msimamizi wake, ambaye hakuambiwa alitoka njia ipi, amethibitisha kwamba anawatembelea wakulima kama alivyopangiwa. Kila njia ilitoa waajiriwa 6. Siku ya kuajiri, Facebook inaonekana nafuu: shilingi 150,000 kwa mwajiriwa dhidi ya 250,000 za redio. Baada ya miezi 6, waliofikia kipimo ni 2 wa Facebook na 5 wa redio, na hesabu inageuka: shilingi 450,000 dhidi ya 300,000.

Hapa ndipo wachambuzi wenye haraka hukosea kwa mara ya pili, safari hii kwa kuitukuza redio. Angekuwepo mwajiriwa mmoja zaidi wa Facebook aliyefikia kipimo, gharama yake ingekuwa shilingi 300,000, sawasawa na ya redio. Hitimisho linaloweza kupinduliwa na mtu mmoja halijawa hitimisho. Linahitaji misimu miwili au mitatu ya kuajiri ikusanywe pamoja.

Vilevile, kuondoka kwa mtu si lazima kuwe kosa la tangazo. Ikiwa walioondoka wa njia zote mbili walikuwa chini ya msimamizi mmoja, au kituo kimoja kisicho na nyumba ya kupanga, basi tatizo liko kituoni. Lakini ikiwa wanne wa Facebook wote walitoka mikoa ya mbali, na walipoondoka walitaja baridi na matope ya milima ya Rungwe, sababu inajulikana: tangazo lilirushwa nchi nzima. Kampeni ijayo tangazo hilohilo lionyeshwe Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa tu, na litaje wazi kwamba ofisa atakaa kijijini. Gharama kwa ombi itapanda, na meneja aelezwe hivyo mapema, kabla hajaiona kwenye ripoti ya wiki ya kwanza.