Kabla hujajenga friji ya makaa Mombasa, pima hewa kwanza

Wiki hizi za kaskazi ofisini kwetu hawakauki vijana wa biashara ya kuzuia mboga zisiharibike na joto, na wengi wamekuja na wazo moja: kile chumba cha makaa. Unajua, kuta mbili za waya wa kuku, katikati unajaza makaa, juu unaweka ndoo inadondosha maji polepole, upepo ukipita kwenye makaa yenye maji ndani kunapoa bila stima. Wameona video, kitu kinafanya kazi kweli, kwa hiyo wanataka kujenga Kongowea wakodishe nafasi kwa mama mboga.

Mmoja kutoka Kisauni alikuja na mchoro mzuri kabisa, bajeti ameandika mpaka misumari. Nikamuuliza swali moja tu, umepima hewa? Akaniangalia. "Mwalimu, hewa si ni hewa tu?"

Sasa hapo ndipo pesa za watu zinapotelea. Kile chumba hakitengenezi baridi, kinachofanya kazi ni maji kukauka, na maji yakikauka yanaondoka na joto, kama vile ukitoka kuoga ukasimama mlangoni unahisi kibaridi. Lakini maji hayakauki vizuri kwenye hewa ambayo tayari imeshiba maji. Na hewa ya Mombasa imeshiba, wewe mwenyewe unaona kanga ulizoanika siku ya mawingu zinavyokataa kukauka.

Kupima ni rahisi. Tafuta themomita mbili za kawaida za kupimia joto la hewa, zile za homa hapana. Moja iache ilivyo, ya pili ifunge kitambaa cha pamba kwenye kile kidonge cha chini na ukiloweshe kwa maji safi. Simama kivulini saa nane mchana, ipepee ile yenye kitambaa kwa dakika tatu nne hivi mpaka isishuke tena, halafu soma zote mbili. Ile tofauti ndiyo kikomo chako, huwezi kushuka chini ya hapo hata ujenge na makaa ya dhahabu, na chumba kilichojengwa vizuri kinakupa kama robo tatu ya hiyo tofauti, kibovu nusu au chini ya nusu.

Tuchukue hesabu. Mchana wa Februari Mombasa, tuseme joto ni digrii 32 na unyevu hewani asilimia 70. Themomita yenye kitambaa itasoma kama 27 na nusu. Tofauti ni 4 na nusu, robo tatu yake ni digrii 3 na kitu. Yaani umejenga chumba, umenunua makaa, umebeba mitungi ya maji, mchicha umetoka 32 ukafika kama 28 na nusu. Sasa peleka chumba hichohicho Voi, joto 33 lakini unyevu asilimia 40. Kitambaa kitasoma kama 23, tofauti ni 10, na ndani utapata karibu 25 na nusu. Jua la Voi ni kali kuliko hili letu lakini biashara ya chumba cha makaa iko kule. Mimi kipimo changu ni hiki: ukipima siku kadhaa ukapata chini ya 5 usijenge, ukipata 8 kwenda juu jenga, katikati hapo fikiria gharama ya maji kwanza.

Na maji yenyewe ni kesi nyingine. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na maji ya chumvi yakikauka chumvi inabaki kwenye makaa. Utaona utando mweupe, mwanzo pale chini halafu unapanda, vile vitundu vya makaa vinaziba, maji yanaanza kuteleza nje tu badala ya kunywewa. Mtu anafikiri ndoo imeharibika kumbe ni ukuta umekufa.

Yule kijana akanyamaza kidogo, halafu akauliza, sasa nirudi nyumbani? Hapana. Nilimwambia twende tukaangalie mchicha unakufa vipi. Tukaenda kwa mama mmoja anayeuza chini ya kipande cha bati, akatuambia, "Wanangu, asubuhi naumwagia maji unasimama, ikifika saa saba washalala wote, na maji ni yaleyale." Weka mkono chini ya hilo bati uone, kichwa chako kinachomwa kutoka juu kama uko karibu na jiko. Jua linapiga bati, bati nalo linarusha joto kwenye mboga, kwa hiyo jani linakuwa moto kuliko hata hewa yenyewe. Hilo joto la ziada ndilo unaloweza kuliondoa Mombasa, na halihitaji makaa.

Kwa hiyo tulibadilisha wazo likawa kivuli cha kukodisha. Banda la mita 3 kwa 4, nguzo za mvinje, paa la makuti lililosimama vizuri ili mvua ya masika iteleze isiingie. Makuti hayashiki joto kama bati na yanapitisha hewa. Ubaya wake ni moto, jiko la mihogo likiwa jirani usijaribu, na pia baada ya miaka michache lazima uezeke upya. Pale penye hatari ya moto tumia bati, lipake rangi nyeupe, na chini yake acha nafasi ya kama shibiri mbili halafu tandika dari la jamvi, hewa ipite katikati. Ila jamvi nalo linashika moto, kwa hiyo majiko yakae mbali hata hapo.

Kitu watu wanasahau ni pande. Mwezi wa 3 hapa jua la adhuhuri liko utosini kabisa, paa linafanya kazi yote, lakini saa tisa kwenda juu jua linaingia kwa chini kutoka magharibi na paa halisaidii kitu, ndiyo maana mboga zinalala saa kumi wakati wateja wanatoka kazini. Basi teremsha jamvi upande wa magharibi mchana, asubuhi upande wa mashariki, kaskazini na kusini acha wazi upepo upite.

Ndani weka kreti zenye matundu, juu ya majani ya mchicha na sukuma funika gunia la katani lenye unyevu, hapo gunia halifanyi kazi ya kupoza sana, linazuia jani lisipoteze maji yake. Nyanya usizifunike gunia bichi zitaoza, na vitunguu na viazi viweke mbali kabisa, hivyo vinataka pakavu.

Bei ipange kwa kile anachookoa mama, siyo kwa gharama yako. Tuseme ananunua mafungu 100, kila fungu shilingi 10, jioni 20 yamelala anatupa. Banda likimwokolea 12, ameokoa 120, hapo hawezi kukulipa 100, lakini 30 atalipa bila kelele. Kreti 20 kwa 30 kila moja ni 600 kwa siku, toa ushuru, mlinzi na akiba ya makuti. Kama hesabu ya eneo lako haifiki hapo, punguza banda, usipandishe bei.

Kijana alijaribu kwanza na nguzo nne na jamvi la kuazima, kreti 6, wiki mbili. Mafungu yaliyolala alikuwa akiyahesabu kila jioni, ya kivulini na ya nje, kwenye daftari la shule la mdogo wake. Siku ya nne namba zikakaribiana, akashangaa, kwenda kuangalia akakuta jamvi la magharibi limekunjwa, mtu ameanika nguo zake pale.