Kumwachisha mtoto ziwa taratibu: maana yake hasa

Kumwachisha mtoto ziwa, au kumlikiza, si tukio la siku moja. Kulikiza taratibu maana yake ni kuondoa zamu moja ya kunyonya, kusubiri siku tatu hadi saba, kisha kuondoa nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka 2 au zaidi, huku akila vyakula vingine tangu miezi 6, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana na tarehe. Mtoto akiwa mgonjwa, au mmehama nyumba karibuni, ahirisha.

Subira hiyo ina sababu. Ziwa hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Likibaki limejaa, utengenezaji hupungua, lakini huchukua siku kadhaa. Ukikatisha ghafla, maziwa hujaa mpaka ziwa linakuwa gumu na kuuma.

Kazi kubwa iko usiku. Mtoto aliyepita mwaka na anayekula vizuri mchana, mara nyingi haamshwi na njaa. Sote huzinduka kidogo usiku, na yeye amezoea kurudi usingizini akiwa na ziwa mdomoni. Anachohitaji ni njia nyingine ya kurudi.

Chukua mtoto wa miezi 22 anayenyonya dakika 10 saa nane usiku. Usiku wa kwanza na wa pili mpe dakika 8, kisha ingiza ncha ya kidole safi kwenye pembe ya mdomo wake ili aachie bila kukuumiza. Mkumbatie, mpigepige mgongoni. Usiku wa tatu na wa nne dakika 6, halafu 4, halafu 2. Usiku wa tisa hapewi ziwa: anapewa maji kwenye kikombe na kifua cha kulalia. Mchana mwambie mapema, kwa maneno yaleyale kila siku: "Usiku ziwa linalala, mama yupo." Baba au bibi akimbembeleza ni rahisi zaidi, kwa kuwa hana harufu ya maziwa.

Atalia, na kulia mikononi mwa mtu anayempenda si sawa na kulia peke yake. Ila akianza kukung'ang'ania mchana kutwa au kukataa chakula, mwendo umekuwa wa haraka. Rudi hatua moja, kaa hapo wiki nzima. Kupaka pilipili au kitu kichungu kwenye chuchu sikubaliani nako kabisa. Kunamwumiza mtoto mahali pale pale alipozoea kutulizwa.

Mama naye, ziwa likijaa, akamue kidogo tu, mpaka maumivu yapungue. Akilimaliza, mwili utatengeneza maziwa mengi tena. Kitambaa cha baridi husaidia. Asilifunge kwa kitambaa cha kubana. Sehemu ya ziwa ikiwa nyekundu, ya moto na yenye maumivu, pamoja na homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Huzuni ya ghafla nayo hutokea, kwani homoni zinashuka. Ikipita wiki mbili bila kupungua, amweleze mhudumu wa afya.